Shajara ya mradi: kuuza opsheni ya kununua yenye kizuizi, na kujikinga isife mikononi

4 Januari. Ninachojenga

Nataka kujua kitu kimoja kwa mikono yangu mwenyewe. Opsheni ya kununua ambayo hufa bei ya hisa ikigusa kizuizi huweza kuuzwa kwa bei ndogo sana kuliko opsheni ya kawaida. Mnunuzi anaona nafuu. Je, muuzaji anayejikinga kila siku anaweza kuishi na bei hiyo? Nitaandika kila hatua hapa ili anayetaka kurudia afuate namba zangu na kuzikagua.

Msamiati wangu kwanza. Opsheni ya kununua inampa mwenye nayo haki ya kununua hisa kwa bei ya kutekelezea siku ya mwisho. Kizuizi ni bei iliyotajwa kwenye mkataba: ikiguswa hata mara moja kabla ya siku ya mwisho, opsheni imekufa na hailipi kitu. Delta ni idadi ya hisa zinazolingana na opsheni moja kwa wakati huo. Bei ya hisa ikipanda kwa 1, thamani ya opsheni hubadilika kwa kiasi cha delta. Gama ni kasi ya delta yenyewe kubadilika.

Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho: hisa ina bei 100, bei ya kutekelezea ni 100, muda ni mwaka mmoja, mtikisiko wa bei ni asilimia 20 kwa mwaka. Riba na gawio nimeviweka sifuri makusudi, kwa sababu vinaongeza herufi kwenye fomula bila kubadilisha tatizo ninalolifuata. Kizuizi kiko juu, kwenye 120. Mimi ni muuzaji wa opsheni 10,000.

9 Januari. Nafuu inatoka wapi

Nilianza na kizuizi cha chini, kwa kuwa ndicho rahisi. Mwanauchumi Robert Merton alitoa fomula yake mwaka 1973, na riba ikiwa sifuri kuna njia ya kuiona bila hesabu nzito: opsheni inayofia chini ni sawa na opsheni ya kawaida, ukitoa opsheni za kuuza zenye bei ya kutekelezea iliyo upande wa pili wa kizuizi, kama taswira kwenye kioo. Opsheni ya kawaida hapa ina thamani ya 7.97. Kizuizi kikiwa 80, thamani inashuka hadi 7.88 tu. Kikiwa 95, inashuka hadi 4.10.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Hisa iliyoanguka kutoka 100 hadi 80 ni nadra kurudi na kumaliza juu ya 100, kwa hiyo anayekubali kizuizi cha 80 hatoi kitu cha maana, naye halipwi punguzo la maana. Hisa iliyogusa 95 hurudi juu mara nyingi. Punguzo basi ni bei ya njia zile tu ambazo zingegusa kizuizi na bado zingelipa. Ndiyo maana ukichukua opsheni inayokufa kwenye kizuizi na nyingine inayozaliwa kwenye kizuizi hichohicho, ukiziweka pamoja unapata opsheni ya kawaida kamili. Moja ikifa, nyingine inazaliwa, na jumla haibadiliki.

Sasa kizuizi cha juu. Hapa njia zinazokatwa ndizo hasa zenye faida. Opsheni ya kawaida hupata sehemu kubwa ya thamani yake kutokana na miaka michache ambayo hisa inapaa hadi 130 au 150, na hiyo yote inafutwa. Kilichobaki ni njia zinazomaliza kati ya 100 na 120 bila kuigusa 120 hata siku moja. Fomula ni fupi ya kutosha kuiweka hapa, `S` ikiwa bei ya hisa, `K` bei ya kutekelezea, `B` kizuizi, `v` mtikisiko na `T` muda kwa miaka:

```python
from math import exp, log, sqrt
from statistics import NormalDist
N = NormalDist().cdf

def f(S, K, B, v, T):
    w = v * sqrt(T)
    a = log(S / K) / w + w / 2
    b = log(S / B) / w + w / 2
    return S*(N(a) - N(b)) - K*(N(a - w) - N(b - w))

def uoc(S, K, B, v, T):
    if S >= B:
        return 0.0
    return f(S,K,B,v,T) - (S/B) * f(B*B/S,K,B,v,T)
```

`f` ni thamani ya mkataba unaolipa siku ya mwisho ikiwa tu bei ya siku hiyo iko chini ya kizuizi. Inatoa 2.70. `uoc` inaondoa pia taswira ya kioo, yaani njia zilizogusa 120 katikati kisha zikashuka. Inabaki 1.10.

Kwa hiyo ngazi ni hii: 7.97, kisha 2.70, kisha 1.10. Hatua ya kwanza inaondoa njia zilizomaliza juu. Hatua ya pili inaondoa zilizopita juu na kurudi. Mnunuzi analipa takriban asilimia 14 ya bei ya opsheni ya kawaida, na hakuna udanganyifu wowote ndani yake. Amenunua kitu kidogo.

Jambo moja la pembeni ambalo lilinishangaza nilipocheza na `v`. Nilipopandisha mtikisiko kutoka asilimia 20 hadi 25, opsheni ya kawaida ilipanda kutoka 7.97 hadi 9.95, lakini hii yenye kizuizi ilishuka kutoka 1.10 hadi 0.67. Hisa inayotikisika zaidi inagusa 120 mara nyingi zaidi. Yeyote anayekinga opsheni hii kwa opsheni za kawaida akidhani zote mbili hupenda mtikisiko ataongeza hatari badala ya kuipunguza.

18 Januari. Uigaji unapingana na fomula

Nilitaka kuthibitisha 1.10 kwa uigaji. Njia 100,000, siku 252 za soko, kila njia ikikaguliwa mwisho wa siku kama imefika 120. Nilipata takriban 1.25. Kosa la nasibu kwa idadi hiyo ya njia ni kama 0.01, kwa hiyo tofauti ya 0.15 haikuwa bahati mbaya.

Nilipoteza jioni tatu hapa na nasikitika, kwa sababu nilitafuta mahali pasipostahili. Nilibadilisha jenereta ya namba nasibu. Nikaongeza njia mara nne, na kompyuta ikafanya kazi usiku kucha. Jibu lilibaki palepale, likiwa tu na uhakika zaidi. Hilo lenyewe lilipaswa kuniambia kwamba tatizo si nasibu.

Nilimwandikia rafiki yangu aliyewahi kukaa miaka kadhaa kwenye dawati la kuuza opsheni. Jibu lake lilikuwa swali: "Ndugu yangu, mkataba wako unaangalia kizuizi saa ngapi?"

Ndipo nikaona. Fomula inaangalia kizuizi kila nukta. Uigaji wangu unaangalia mara moja kwa siku. Njia inayofunga siku kwenye 119, ikapanda hadi 120.4 katikati ya siku inayofuata, kisha ikafunga tena 119, kwa fomula imekufa na kwa uigaji iko hai. Njia zinazoponyoka hivyo ndizo zenye 0.15.

26 Januari. Kurekebisha, na somo la mkataba

Kuna marekebisho mawili, na nimeyatumia yote ili yakaguane.

La kwanza ni la watafiti Broadie, Glasserman na Kou, la mwaka 1997. Ukitaka fomula ya kila nukta ikupe bei ya mkataba unaoangaliwa kwa vipindi, sogeza kizuizi mbali kidogo kwa kukizidisha na `exp(0.5826 * v * sqrt(dt))`, ambapo `dt` ni urefu wa kipindi kimoja kwa miaka. Kwa ukaguzi wa kila siku, 120 inakuwa 120.88. Nilipoiweka kwenye `uoc`, nilipata 1.25. Uigaji wangu haukuwa na kosa. Ulikuwa unapima mkataba mwingine.

La pili linakwenda upande wa pili: linafanya uigaji wa kila siku uone kinachotokea kati ya siku. Kati ya bei mbili za kufunga, `s1` na `s2`, uwezekano kwamba njia iligusa kizuizi unajulikana kamili, kutokana na kinachoitwa daraja la Brown:

```python
p = 1.0 if max(s1, s2) >= B else exp(-2 * log(B/s1) * log(B/s2) / (v*v*dt))
uzito = uzito * (1 - p)
```

Badala ya kuua njia au kuiacha, unapunguza uzito wake kila siku. Bei iliyofunga 119 leo na 119 kesho ina `p` ya asilimia 41. Nilisoma namba hiyo mara mbili. Jicho linaona bei iliyosimama kwa utulivu, hatua moja chini ya kizuizi, kumbe ni karibu kurusha sarafu kama iligusa au la. Baada ya mabadiliko haya uigaji ulirudi kwenye 1.10.

Kwa anayefuata kazi hii: kabla ya kukokotoa chochote, soma mkataba unasema kizuizi kinaangaliwa lini na kwa bei ipi. Kufunga kwa siku au muamala wowote ndani ya siku? Kwa mfano huu tofauti ni 1.10 dhidi ya 1.25, yaani zaidi ya asilimia 13 ya bei, na ndiyo inayoleta ugomvi pande mbili zinapobishana kama opsheni imekufa. Kuanzia hapa naendelea na mkataba unaoangaliwa kila nukta.

2 Februari. Kitabu kilichoonyesha faida ya uongo

Nimejenga kitabu cha muuzaji: opsheni moja imeuzwa, hisa zinanunuliwa na kuuzwa kufuata delta, na kila jioni thamani inahesabiwa upya. Nilichukua msimbo wangu wa zamani wa opsheni ya kawaida na kubadilisha fomula tu.

Kitabu kilifanya ajabu. Njia zilizogusa 120 zilionyesha faida kubwa siku ya kugusa, na njia zilizokaribia kisha kushuka zilionyesha hasara kubwa zaidi. Kinga nzuri haina tabia hiyo. Inapaswa kuwa butu pande zote mbili.

Kosa lilikuwa mstari mmoja. Msimbo wa zamani ulibana delta ibaki kati ya 0 na 1, kwa sababu delta ya opsheni ya kawaida ya kununua haitoki humo. Hapa inatoka, na inatoka mbali. Tazama thamani ya opsheni zikiwa zimebaki siku 5 za soko:

| Bei ya hisa | Thamani |
|---|---|
| 114 | 12.66 |
| 115 | 12.44 |
| 117 | 9.72 |
| 118 | 7.08 |
| 119 | 3.74 |
| 119.5 | 1.89 |
| 120 | 0 |

Chini ya 114 opsheni inapanda na hisa kama kawaida. Kileleni kwenye 114 inasimama. Baada ya hapo ni mteremko mkali: kutoka 118 hadi 119 inapoteza 3.34, na nusu hatua ya mwisho inapoteza 1.89. Delta kwenye 119.5, ikipimwa kati ya 119 na 120, ni hasi 3.74. Yaani opsheni moja juu ya hisa moja inasogea kama hisa karibu nne, kwa upande wa kinyume.

Msimbo wangu ulikuwa umebana delta hiyo kwenye sifuri. Muuzaji wangu alikuwa hana kinga yoyote pale hasa alipoihitaji. Bei ilipotoka 119 kurudi 115, opsheni aliyoiuza ilipanda kutoka 3.74 hadi 12.44, naye hakuwa na kitu cha kufidia. Niliondoa ubanaji, na kitabu kikatulia.

Sasa fikiria maana yake kwa mikono. Muuzaji wa opsheni ya kawaida hununua hisa bei inapopanda. Huyu wetu anaziuza. Kufika 119.5 anatakiwa awe ameuza hisa za kuazima 3.74 kwa kila opsheni. Kwa opsheni 10,000 ni hisa 37,400 alizoazima na kuziuza, wakati opsheni zenyewe zinahusu hisa 10,000 tu.

8 Februari. Bei inaporuka

Kwenye uigaji wangu bei haijawahi kuruka. Inapita kila nukta, kwa hiyo muuzaji ananunua hisa zake palepale 120, opsheni inakufa, hesabu inafungwa. Soko la kweli halipiti kila nukta. Hisa hufungua asubuhi mbali na ilipolala.

Nikajaribu kesi moja kwa kalamu. Zimebaki siku 5. Hisa imefunga 119.5, muuzaji ana hisa za kuazima 3.74 kwa opsheni. Asubuhi inafungua 122. Opsheni imekufa, na hilo linampa muuzaji thamani iliyokuwa imebaki, 1.89. Lakini hisa alizoziuza kwa 119.5 anazinunua kwa 122. Anapoteza 2.5 mara 3.74, yaani 9.35. Hasara halisi ni karibu 7.46 kwa opsheni.

Aliiuza kwa 1.10.

Niliacha kuandika kwa dakika kadhaa nilipoona hilo. Mruko wa asilimia 2 tu, ambao hisa yenye mtikisiko huu huweza kuufanya kwa habari moja ya jioni, unakula karibu mara saba ya malipo yote aliyopokea. Na opsheni imekufa. Mtu wa nje angesema muuzaji ameshinda, hana deni tena.

Siku ya mwisho ni mbaya zaidi. Ikiwa imebaki siku moja, thamani kwenye 119.5 ni 4.72, na inapaswa kufika sifuri ndani ya nusu hatua. Delta ni zaidi ya hasi 9. Kadiri muda unavyokwisha, mteremko unakuwa ukuta, kwa sababu siku yenyewe ya mwisho 119.99 inalipa karibu 20 na 120 hailipi kitu.

Upande wa pili wa hatari ni ukimya. Hisa ikikaa 119 bila kusogea, thamani ya opsheni inapanda kutoka 3.74 zikiwa zimebaki siku 5 hadi 8.91 ikiwa imebaki siku moja, hadi 19 mwishoni. Muuzaji analipia kila siku ya utulivu. Kinachomrudishia ni kutikisika: bei ikipanda anauza, ikishuka ananunua, na gama iko upande wake. Hii ndiyo sehemu inayowachanganya wengi. Karibu na kizuizi cha juu muuzaji ana gama nzuri. Anayesema "gama ni kubwa, muuzaji ataumia kwa kutikisika" amebeba fikra za opsheni ya kawaida, kama nilivyobeba msimbo wake. Kinachomuumiza ni mruko juu ya kizuizi, na gharama za kufanya miamala.

15 Februari. Suluhisho mbili zilizoshindwa

Ya kwanza ilikuwa kurekebisha kinga mara nyingi zaidi: kila saa badala ya kila siku. Ilipunguza kuyumba kwa kitabu kwenye uigaji usio na gharama. Kisha nikaweka gharama ya 0.1 kwa kila 100 ya muamala. Kutoka 114, ambako delta ni karibu sifuri, hadi 119.5 muuzaji anauza hisa 3.74 zenye thamani ya takriban 437. Gharama ni 0.44. Bei ikishuka tena hadi 114 anazinunua zote, 0.44 nyingine. Mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi ni 0.88 dhidi ya malipo ya 1.10, na katika wiki ya mwisho hakuna anayejua itakuwa mizunguko mingapi. Tena kurekebisha kila saa hakusaidii chochote kwa mruko wa usiku, soko limefungwa.

Ya pili ilikuwa oda iliyowekwa tayari ya kununua hisa zote bei ikifika 120. Kwa karatasi inaonekana safi. Nilimwonyesha rafiki yangu yule wa dawati, akaniuliza nani atakuwa ananiuzia hisa 37,400 kwa wakati mmoja kwa 120 kamili. Alinieleza kwamba wao walijua wauzaji wenzao wana vizuizi karibu na namba ileile ya mviringo, na oda zote za kununua zikiwaka pamoja, bei husukumwa juu na oda zenyewe. Nikaweka wastani wa kununulia 120.60. Hiyo 0.60 tu, mara delta ya karibu 3.8 pale kwenye kizuizi, ni 2.3 kwa opsheni. Mara mbili ya malipo, bila mruko wowote.

Niliacha oda hiyo kwenye kitabu kama ulinzi wa mwisho, lakini siyo suluhisho. Tatizo ni kwamba thamani ya opsheni inafika sifuri mahali palepale ninapohitaji fedha za kununua hisa.

1 Machi. Kusogeza kizuizi kwenye kitabu

Mbinu hii ni ya zamani madawatini, na rafiki yangu aliitaja kana kwamba kila mtu anaijua. Mkataba unabaki na 120. Lakini kitabu cha muuzaji kinahesabu bei na kinga kana kwamba kizuizi ni 122.

Inafanya kazi kwa sababu chini ya 120 mikataba miwili inalipa sawasawa siku ya mwisho. Tofauti iko kwenye njia zinazogusa 120: mkataba wa kweli unakufa, ule wa kitabu bado una thamani. Thamani hiyo muuzaji amekuwa akiibeba kama akiba, na inafunguka wakati anapoihitaji.

Namba, zikiwa zimebaki siku 5, kizuizi cha kitabu kikiwa 122: thamani kwenye 119 ni 10.81, kwenye 120 ni 7.84, kwenye 121 ni 4.13. Delta kwenye 120, ikipimwa kwa wastani kati ya 119 na 121, ni hasi 3.34. Sasa bei inagusa 120. Opsheni ya kweli imekufa, muuzaji ana akiba ya 7.84, na anatakiwa kununua hisa 3.34. Ukigawanya, ana nafasi ya 2.35 kwa hisa. Akizinunua zote kwa wastani wa 122.35 bado hajapoteza. Ile oda iliyojaa kwa 120.60 sasa ni jambo dogo.

Nikarudia kesi ya tarehe 8 Februari. Hisa imefunga 119.5, delta ya kitabu ikipimwa kati ya 119 na 120 ni hasi 2.97, thamani ya kitabu ni 9.43. Asubuhi inafungua 122. Kwenye hisa anapoteza 7.43. Kwenye opsheni iliyokufa anapata 9.43. Anabaki na takriban 2.0 upande wake, pale alipokuwa amepoteza 7.46.

Gharama inaonekana mwanzoni kabisa. Leo, mwaka mmoja kabla, opsheni yenye kizuizi cha 122 ina thamani ya 1.43 badala ya 1.10. Hiyo 0.33 lazima alipe mnunuzi, au muuzaji aitoe mfukoni. Kwa opsheni 10,000 ni 3,300 juu ya 11,000.

Nilifanya kosa moja hapa linalostahili kuandikwa. Siku ya kwanza nilisogeza kizuizi kwa ajili ya bei tu, na nikaacha delta ihesabiwe kwa 120. Nilidhani nimepata akiba. Kitabu kilianza na 1.43, lakini kinga iliendelea kutembea kuelekea ukuta wa 120, na akiba ilikuwa 0.33 ileile, haikukua. Akiba ya 7.84 haitoki kwenye malipo ya mwanzo. Inajengwa na kinga yenyewe bei inapokaribia kizuizi, kwa kuwa muuzaji anauza hisa chache na kwa kuchelewa kidogo kwa mpangilio wa 122. Bei na delta lazima zitoke kwenye mkataba mmoja.

9 Machi. Kilichobaki wazi

Mwendo wa 2, yaani kusogeza kizuizi cha kitabu kutoka 120 hadi 122, niliuchagua kwa kuangalia hisa 33,400 zinazopaswa kununuliwa na soko ninaloliwazia. Opsheni zikiwa 1,000 badala ya 10,000, mwendo wa 1 unaweza kutosha. Zikiwa 100,000 hautoshi, na mnunuzi hatakubali bei inayotokana na mwendo mkubwa zaidi. Hapo kuna ukomo wa kweli wa ukubwa wa mkataba huu, ambao `uoc` haiujui kabisa. Fomula inatoa 1.10 kwa opsheni moja na kwa laki moja.

Mruko unaopita mbali juu ya 122.35 haujafidiwa. Nilijaribu kufungua kwa 125 kutoka 119.5: hasara ya hisa ni 16.3, akiba 9.43, anapoteza karibu 7. Afadhali kuliko kitabu cha 120, ambacho kingepoteza 18.7, lakini bado ni karibu mara tano ya malipo ya 1.43.

Pia sijagusa mwendo unaobadilika na muda. Kusogeza kizuizi kwa 2 mwaka mmoja kabla si lazima, kwa sababu delta ya wakati huo ni ndogo na mteremko haupo. Nakusudia kuanza na mwendo mdogo na kuupanua kuelekea siku ya mwisho, nione kama 1.43 inaweza kushuka bila kuirudisha ile 7.46. Msimbo wa kitabu uko tayari kupokea `B` inayotegemea siku. Jedwali la matokeo nitaliweka hapa hatua hiyo ikikamilika.